Tangazo la mkutano mkuu wa mwaka, na kura ya mwanachama asiyefika

*Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha wafugaji wa maziwa hapa Muheza, mkoa wa Tanga. Tuko wanachama 240, mwaka wetu wa hesabu unaishia 30 Juni, na tunataka mkutano mkuu uwe Jumamosi 28 Novemba 2026. Masharti yetu yanadai notisi ya siku 21 kamili na akidi ya nusu ya wanachama. Kuna ibara nyingine haijawahi kutumika: asiyeweza kufika "anaweza kupiga kura kwa bahasha iliyofungwa, kwa utaratibu utakaoelezwa kwenye tangazo la mkutano". Mwaka huu tunachagua wajumbe 3 wa bodi na kuna hoja ya mkopo wa tangi la kupozea maziwa. Wengi wetu wako Dar, Pemba na kwingine, na wengine wanasema watatuma watoto wao na barua. Tangazo niliandikeje?*

Marahaba, katibu. Kabla hujaandika lolote, elewa kwanza kura ya bahasha ni kitu gani, kwa sababu tangazo lote litajengwa juu yake. Mtu aliye ukumbini anasikia hoja, anasikia majibu ya meneja, anabadili mawazo, kisha ananyoosha mkono. Aliye Pemba anajibu swali moja tu, lile lililochapwa kwenye karatasi aliyotumiwa. Maneno ya swali hilo yakibadilishwa ukumbini, jibu lake halina tena swali. Ndiyo maana tangazo la kawaida lenye mstari "Agenda 8: Mkopo" linatosha pale ambapo wote wanatarajiwa kufika, lakini halifai kabisa kwenu mwaka huu. Maneno kamili ya azimio na majina ya wagombea lazima yawe ndani ya tangazo.

Hilo la watoto na barua lifunge mapema. Ibara yenu inaruhusu bahasha, haijasema mwakilishi. Katika ushirika kura ni ya mwanachama, moja kwa kila mmoja, haikui kwa wingi wa ng'ombe wala wa hisa. Mtoto mwenye barua ya baba yake anaweza kuketi kama msikilizaji mkimruhusu, lakini hasaini daftari la akidi wala hapigi kura. Mkiwa na mwanachama ambaye ni kikundi kilichosajiliwa, huyo ni jambo jingine: kikundi hakina miguu, kwa hiyo kinamtuma mtu wake kwa muhtasari wa kikao chao.

Jambo la pili la kufunga mapema ni uhalali wa ibara yenyewe. Masharti yenu yako chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 na kanuni zake, na yakigongana, sheria ndiyo inayosimama. Rasimu ya tangazo ipeleke kwa Afisa Ushirika wa halmashauri kabla ya kuchapa, ukiambatanisha nakala ya masharti yenye muhuri wa Mrajis. Usimuulize kwa jumla kama "tangazo liko sawa". Muulize kama ibara ya bahasha inatumika kwa uchaguzi wa bodi na kwa hoja pia, au kwa kimoja tu, na jibu alitoe kwa maandishi. Chama ambacho masharti yake hayana ibara ya namna hii hakiwezi kuizua kwenye tangazo. Kitalazimika kwanza kurekebisha masharti kwenye mkutano mkuu, na marekebisho hayo hayafanyi kazi mpaka Mrajis ayasajili.

Sasa tarehe. "Siku 21 kamili" maana yake siku ya kutoa tangazo haihesabiwi, na siku ya mkutano haihesabiwi. Anza kurudi nyuma: Ijumaa 27 Novemba ni siku ya kwanza, na Jumamosi 7 Novemba ndiyo ya ishirini na moja. Kwa hiyo tangazo liwe limewafikia wanachama si zaidi ya Ijumaa 6 Novemba. Wanaokosea hapa hukosea kwa siku moja tu, na siku hiyo moja humpa mgombea aliyeshindwa sababu ya kupinga uchaguzi mzima. Usikae ukingoni. Bandika na kutuma Alhamisi 29 Oktoba, kwa sababu bahasha zinahitaji muda wa kwenda Dar na kurudi. Andika kwenye daftari ulibandika wapi, saa ngapi, na nani alishuhudia; kwa waliotumwa, risiti ya basi au ya posta iwekwe kwenye faili. Ujumbe wa simu ni wa kukumbusha, hauchukui nafasi ya tangazo isipokuwa masharti yamesema hivyo.

Hii ina maana kazi nyingi inatakiwa iwe imekwisha kabla ya 29 Oktoba. Hesabu ziwe zimekaguliwa, na COASCO au na mkaguzi mwingine aliyeidhinishwa, kwa sababu mkutano hauwezi kugawa ziada ambayo hakuna aliyeikagua. Uteuzi wa wagombea uwe umefungwa na majina yamekwisha kuchujwa. Mkiruhusu mtu apendekezwe papo hapo ukumbini, wenye bahasha watakuwa wamechagua kutoka orodha isiyo yenyewe. Na rejista ya wanachama iwe imesafishwa. Hili la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi: marehemu ambao majina yao hayajaondolewa kwa utaratibu wa masharti bado wanahesabiwa kwenye 240, wanaipandisha akidi, na bahasha zao zinaweza kurudi zimejazwa. Tangazo litaje siku ya kufunga rejista. Kwenu iwe Jumatatu 26 Oktoba.

Kuhusu saa, ninyi ni watu wa maziwa. Mkianza saa 2 asubuhi mtu bado yuko kituoni na ndoo zake, na ikifika saa 9 alasiri kila mtu anawaza ukamuaji wa jioni. Wekeni saa 4:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana, kisha mpange agenda kwa kuzingatia kwamba ukumbi utapungua. Mazoea ya kuweka uchaguzi mwishoni kabisa ndiyo yanayofanya bodi zichaguliwe na watu waliobaki, na akidi imekwisha kuvunjika bila mtu kuhesabu. Tangazo lenyewe liwe hivi:

TANGAZO LA MKUTANO MKUU WA MWAKA

Wanachama wote mnatangaziwa kwamba mkutano mkuu wa mwaka 2025/26 utafanyika Jumamosi 28 Novemba 2026, saa 4:00 asubuhi, (taja ukumbi, kijiji na kata). Daftari la mahudhurio litafunguliwa saa 3:00. Njoo na kitambulisho cha uanachama.

Agenda:
1. Kufungua mkutano na kuthibitisha akidi
2. Kuridhia agenda
3. Kuthibitisha muhtasari wa mkutano mkuu uliopita, na yatokanayo
4. Taarifa ya bodi
5. Taarifa ya ukaguzi wa hesabu zilizoishia 30 Juni 2026
6. Azimio la mkopo na ukomo wa madeni (maneno yake yako hapa chini)
7. Uchaguzi wa wajumbe 3 wa bodi (majina ya wagombea yako hapa chini)
8. Mgawanyo wa ziada
9. Makisio ya mapato na matumizi
10. Mengineyo
11. Kufunga mkutano

Azimio la agenda 6: "Mkutano unaazimia kwamba chama kikope kiasi kisichozidi shilingi milioni 60, kwa muda usiozidi miezi 36, kununua tangi moja la kupozea maziwa la lita 2,000 pamoja na jenereta yake, na kwamba ukomo wa madeni wa chama kwa mwaka 2026/27 uwe shilingi milioni 60."

Hapo kwenye ukomo simama kidogo. Ukomo wa madeni ni jumla ya yote chama kinachoweza kudaiwa kwa wakati mmoja, si mkopo mpya peke yake. Kama bado mnadaiwa milioni 8 za pumba na mashudu, ukomo wa milioni 60 unawaachia nafasi ya kukopa milioni 52 tu, na tangi halitanunuliwa. Jumlisheni deni lililopo kwanza, kisha andikeni namba. Mkutano ukipitisha, bado inahitajika idhini ya Mrajis kabla benki haijatoa fedha, kwa hiyo azimio lisitaje tarehe ya kupokea tangi.

Chini ya majina ya wagombea ndipo unapoweka utaratibu wa bahasha. Andika kwa lugha ambayo mwanachama ataifuata peke yake mezani kwake, bila kukupigia simu:

"Mwanachama asiyeweza kufika anaweza kupiga kura kwa bahasha kwa agenda ya 6 na ya 7 tu. Achukue bahasha zake ofisini au aombe kutumiwa, kuanzia 29 Oktoba. Ajaze karatasi ya MKOPO na kuifunga ndani ya bahasha ndogo iliyoandikwa MKOPO. Ajaze karatasi ya UCHAGUZI na kuifunga ndani ya bahasha ndogo iliyoandikwa UCHAGUZI. Asiandike jina wala alama yake kwenye karatasi au kwenye bahasha ndogo. Bahasha ndogo zote mbili azitie ndani ya bahasha kubwa, aandike juu yake jina na namba ya uanachama, na atie saini mahali pa kufungia. Bahasha kubwa iwe imefika kwenye sanduku la ofisi kabla ya saa 10:00 jioni, Alhamisi 26 Novemba 2026. Itakayochelewa haitafunguliwa. Mwanachama aliyetuma bahasha kisha akafika mwenyewe atarudishiwa bahasha yake kabla ya agenda ya kwanza na atapiga kura ukumbini."

Sababu ya bahasha mbili, moja ndani ya nyingine, ni kwamba mnahitaji kujua nani amepiga kura bila kujua amempa nani. Jina liko nje. Kura iko ndani bila jina. Kwa hiyo karatasi za kura zigongwe muhuri wa chama lakini zisiwe na namba. Namba ibaki kwenye daftari la kutolea bahasha, ambako mwanachama au mtu anayempokelea anasaini. Ukiweka namba ileile kwenye karatasi, siri imekwisha, hata kama hakuna aliyekusudia kuchungulia.

Mwanachama asiyejua kusoma na kuandika atie dole gumba juu ya bahasha kubwa, na shahidi asaini pembeni. Shahidi awe mwanachama, asiwe mgombea wala mjumbe wa bodi. Mgombea asikubaliwe kubeba bahasha za majirani zake hata kwa nia njema. Mtu mmoja akifika na bahasha kumi na tano, hizo kumi na tano zitazua maneno kuliko nyingine zote.

Neno "iwe imefika" nimeliweka makusudi. Mkiandika "iwe imetumwa", mtasubiri basi la kutoka Dar huku mkutano unaendelea. Na nimewaachia Ijumaa nzima wazi, ili siku hiyo kamati ndogo ya usimamizi wa kura ilinganishe majina ya juu ya bahasha na rejista bila kufungua chochote. Sanduku liwe na kufuli mbili, na funguo zikae kwa watu wawili ambao hawagombei. Wewe katibu unaweza kutunza daftari, lakini ufunguo usiwe wako.

Karatasi ya uchaguzi haina utata: majina yote, na maelezo kwamba unaweka alama kwa wasiozidi watatu, ukiweka kwa wanne karatasi imeharibika. Ile ya mkopo ndiyo inayohitaji akili zaidi. Juu iwe na azimio neno kwa neno kama lilivyo kwenye tangazo, kisha NDIYO na HAPANA. Chini yake weka swali la pili: "Mkutano ukipunguza kiasi cha fedha bila kubadili kitu kingine, kura yangu: IBAKI au ISIHESABIWE." Swali hilo dogo linawaokoa na tatizo kubwa. Ukumbini karibu kila mara mtu atasimama na kusema milioni 60 ni nyingi, tukope 45. Bila swali la pili, mtabaki na njia mbili mbaya: kutupa kura zote za bahasha, au kuzihesabu kwa azimio ambalo wenyewe hawakulisoma. Mabadiliko mengine yoyote, kwa mfano kununua gari badala ya tangi, yaondoe bahasha zote za MKOPO kwenye hesabu, na hilo nalo liandikwe kwenye tangazo. Kwa maoni yangu badiliko la ukubwa huo halifai hata kupigiwa kura siku hiyo, kwa kuwa waliobaki nyumbani hawakuwahi kutangaziwa kwamba kuna gari. Kwa sababu hiyohiyo "mengineyo" iwe mahali pa kuuliza na kupasha habari tu.

Tuchukue siku yenyewe jinsi inavyoweza kwenda. Waliosaini daftari ni 131, na bahasha kubwa zilizofika kwa wakati ni 34. Akidi ni 120, na ukumbi peke yake unaitimiza. Hapa watu wengi huteleza: bahasha haiketi kwenye kiti. Kama waliofika wangekuwa 110, zile 34 zisingeifanya akidi kuwa 144, kwa sababu masharti yenu yanahesabu waliohudhuria. Bahasha zinaingia kwenye kura, si kwenye akidi, mpaka masharti yaseme vinginevyo.

Kati ya zile 34, moja haina saini, moja mwenyewe ametokea na amerudishiwa, na moja ina karatasi za mume na mke pamoja, jina la juu ni la mume tu. Hiyo ya wanandoa haifunguliwi zaidi, kwa kuwa hakuna namna ya kujua karatasi ipi ni ya nani. Kwenye tangazo ongezeni mstari mmoja: bahasha kubwa moja, mwanachama mmoja. Zimebaki 31.

Kwenye agenda ya 6, ukumbi upige kura kwanza, matokeo yaandikwe ubaoni, ndipo bahasha zifunguliwe mbele ya wote. Zikitangulia, wanyooshao mikono watafuata upepo. Tuseme ukumbini ndiyo ni 70, hapana 58, na watatu hawakunyoosha. Bahasha zinatoa ndiyo 12 na hapana 19. Jumla ni ndiyo 82, hapana 77, na azimio limepita kama masharti yanataka wingi wa kawaida wa kura zilizopigwa. Muhtasari uandike namba zote nne za mwanzo, usiandike 82 na 77 peke yake. Atakayehoji mwezi wa pili anataka kuona pengo la kura 12 la ukumbini lilivyoshuka hadi 5, na bahasha zipi zilikataliwa kwa sababu gani.

Uchaguzi unakwenda kinyume chake. Huko bahasha zisihesabiwe peke yake, kwa sababu zikiwa chache watu watakisia nani kampa nani. Bahasha kubwa zimekwisha kufunguliwa kwenye agenda ya 6; sasa zile ndogo za UCHAGUZI zichanganywe, karatasi zitolewe zikiwa zimekunjwa na kutumbukizwa katika sanduku moja na za ukumbini. Karatasi ziwe za rangi moja na muhuri mmoja, na zikunjwe kwa namna moja. Kabla ya kusoma jina lolote, hesabuni karatasi. Haziwezi kuzidi 162, yaani 131 za ukumbini na 31 za bahasha. Zikiwa pungufu, kuna aliyeondoka nayo mfukoni, si tatizo. Zikiwa 163, msiendelee kusoma majina. Rudieni kwanza daftari la kutolea karatasi mbele ya mawakala wa wagombea. Wagombea wawili wakifungana nafasi ya tatu na duru ya pili ikaitishwa, hiyo ni ya waliopo ukumbini tu, na tangazo liseme hivyo mapema ili aliye Dar asidhani amedhulumiwa.

Mstari wa mwisho wa tangazo uwe wa akidi isiyotimia. Kama masharti yenu yanaruhusu kuahirisha, andika siku na saa ya mkutano wa pili, na kwamba bahasha zilizopokelewa zitabaki zimefungwa sandukuni na zitatumika siku hiyo ikiwa agenda ya 6 na ya 7 hazijabadilika hata neno. Mwenye kutaka kuichukua yake na kupiga upya, achukue kwa kusaini daftarini. Karatasi zote zilizotumika zitiwe kwenye mfuko mmoja, zifungwe kwa lakiri na saini za wasimamizi, zikae kwenye sefu ya chama mpaka muhtasari wa mkutano huu uthibitishwe mwaka unaofuata.